Ujumbe Unaojituma

Ofisini walimwita Shangazi, na yeye hakulipenda jina hilo hata siku moja. Miaka arobaini na kitu si umri wa kuitwa shangazi na wanaume wenye ndevu. Lakini jina la utani ni kama harufu ya kitunguu mkononi, ukilisugua ndipo linapozidi kukolea. Akaliacha.

Kazi yake ilikuwa kuandika matangazo ya kampuni ya viatu: yale ya kwenye simu, ya redioni, ya mitandaoni, na yale yanayopita kwenye vioo vya maduka. Aliijua kazi hiyo, na kwa muda mrefu hakuwa na mwenzake. Kisha mwaka uliopita akaajiriwa binti mmoja mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa kidogo kama ndege. Meneja alimpenda tangu wiki ya kwanza. "Mmeona alivyoandika yule binti?" ikawa ndiyo salamu yake ya asubuhi. Shangazi, moyoni mwake tu, akambatiza jina la Kipenzi.

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulimjia kama unyevu ukutani, leo doa, kesho ramani nzima. Kipenzi akisifiwa, Shangazi alisoma ile kazi mara tatu akitafuta kosa. Akilikosa, alisema maneno ni mazuri ila yamekaa kitoto. Nyumbani, mume wake, mwalimu wa hesabu asiye na haraka, alimwambia siku moja kwamba anamtaja yule binti kuliko anavyowataja watoto wao. Shangazi alinuna mpaka wakati wa kulala.

Na sasa Meneja alikuwa amedokeza kwamba idara itapata mkuu wake. Alisema ataangalia mauzo ya msimu huu, aone nani kafanya nini. Shangazi akaweka nguvu zake zote katika tangazo moja. Alilipa jina *Bei Zimeporomoka*. Picha ilikuwa ya rafu ndefu ya viatu, maboksi yakimwagika kutoka juu kama maji, na mtu chini yake akicheka amenyoosha mikono. Aliandika kila neno mwenyewe. Lilipangwa kuanza kujituma Jumatatu, saa mbili asubuhi, kila mahali kwa pamoja.

Jumatatu hiyo, kabla jua halijapanda, jengo la soko lenye ghorofa nyingi lilianguka katika mji wa pili kwa ukubwa. Wafanyabiashara walikuwa wameshaingia kufungua vibanda. Shangazi alisikia habari redioni akiwa anapiga pasi. Mtangazaji alisema bendera zitapepea nusu mlingoti na kwamba nchi itakuwa katika maombolezo ya siku tatu. Mume wake aliweka kikombe chini. Kilichompitia Shangazi kichwani kwanza, kabla ya watu na kabla ya vifusi, kilikuwa: tangazo langu. Aliona aibu hata kumwangalia mumewe usoni.

"Leo mtauza viatu kweli?" mume wake akauliza.

"Tutanyamaza," alisema, akatoka na nguo ambayo upande mmoja haukupigwa pasi.

Alipofika, Kipenzi alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Tangazo la saa mbili lilikuwa limeshasimamishwa. Meneja, macho mekundu, aligawa kazi wakiwa wamesimama. Kipenzi aendelee kunyamazisha: yaliyopangwa mitandaoni yasimamishwe bila kufutwa, yanayolipiwa yazimwe, redio wapigiwe simu, vioo vya maduka vizimwe, na ile sauti ya kushangilia inayompokea anayepiga simu ya huduma itolewe. Shangazi aandike rambirambi.

Shangazi aliandika. Aliandika kwa masikitiko makubwa, kwa mioyo mizito, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote. Alitaja mshikamano wa taifa na akamalizia kwa jina la kampuni kwa herufi kubwa. Ilikuwa rambirambi safi, isiyo na kosa. Meneja aliisoma akitikisa kichwa polepole, kisha akamuuliza Kipenzi, basi tu, kama ana wazo. Kipenzi akasema hana, ila labda iwe fupi. Akaandika mistari miwili kwenye karatasi ya pembeni:

*Leo hatuuzi kitu. Tunalia pamoja nanyi.*

Akashauri iwekwe bila nembo, bila picha, bila anwani ya duka, kwenye weusi mtupu. Meneja alifuta jicho moja na kusema iende hiyo.

Kabla ya mchana mistari ile ilikuwa imesambaa kila mahali. Watu walitumiana. Mtangazaji wa redio aliisoma hewani, akairudia. Mtunza stoo alikuja mpaka mlangoni kumpa Kipenzi mkono, na dereva wa kampuni akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno yale yamemgusa kuliko hotuba. Shangazi aliketi mkabala nao, rambirambi yake ikiwa bado wazi kwenye kioo chake. Kijiba cha roho kikamshika. Watu walikuwa wanafukuliwa kwa mikono, na yeye alikuwa anaonea wivu maneno ya msiba! Alijisema, akajikaripia. Wivu ukamsikiliza kwa adabu, ukabaki palepale.

Ndipo akafanya alichozoea: akatafuta kosa. Alipitia kichwani vyote vilivyozimwa. Mitandao, redio, vioo, simu ya huduma. Kisha akakumbuka ule ujumbe unaojituma.

Mteja aliyekaa miezi mingi bila kununua hutumiwa ujumbe kwenye simu, saa kumi alasiri, bila mtu kugusa kitufe. Haumo katika orodha ya matangazo yaliyopangwa; una mlango wake wenyewe, na kusimamisha yale mengine hakuusimamishi huo. Shangazi aliuandika mwenyewe miaka mingi nyuma, enzi zile anacheka anapoandika: *Umetupotea! Uko wapi wewe? Viatu vyako vinakusubiri.* Wafanyabiashara wa lile soko walikuwa wateja wao. Baadhi yao sasa hivi walikuwa chini ya zege, na simu zao mfukoni, au mikononi mwa ndugu waliokuwa wakiita majina.

Kipenzi amesahau. Wazo hilo lilikuwa tamu, na utamu wake ukamtisha. Saa kumi ujumbe ungetoka, jioni nchi nzima ingekuwa na hasira, na Meneja angeuliza nani alipewa kazi ya kunyamazisha. Mgema angekuwa amelitia tembo maji. Shangazi hakupaswa kufanya lolote. Alipaswa kukaa tu.

Alikaa. Alikunywa chai iliyopoa. Alipanga upya kalamu zake. Saa tisa ilipopita alimwona Kipenzi ameegemeza paji la uso kwenye kiganja, akasema moyoni, naam, choka, kazi bado. Lakini mawazo yake yalishakwenda mbali na Kipenzi. Yalikuwa kwa mama mmoja asiyemjua, amesimama kando ya vifusi ameshika simu ya mwanawe, na simu inatetemeka, na mama anadhani ni mwanawe anayepiga kwa simu ya mtu. *Uko wapi wewe?* Hapo Meneja hakuwepo, wala ukuu wa idara. Yalikuwa maneno yake Shangazi tu, na yule mama.

Akainuka ghafla mpaka kiti kikaburuza. Akafungua ule mlango wa pembeni wa mfumo, vidole vikikosea neno la siri mara mbili. Ukurasa ulipofunguka, juu yake palikuwa na alama nyekundu: umesimamishwa. Chini yake jina la Kipenzi, na saa. Ulikuwa umesimamishwa asubuhi na mapema, kabla ya kitu kingine chochote. Na juu ya maneno ya ujumbe, kama ilivyo kwa kila ujumbe, lilikuwepo jina la aliyeuandika.

"Uliuzima wewe?" aliuliza, sauti ikiwa kavu. "Mbona hukusema?"

Kipenzi aligeuka. Alionekana kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake.

"Sikuona haja ya kumsumbua mtu, dada."

"Nani alikuonyesha ulipo? Hata Meneja haujui."

Binti akasema, akiangalia meza, kwamba baba yake alikuwa mteja wa kampuni hii. Alipofariki, simu yake ilibaki kwa binti. Wiki moja baada ya kumzika, saa kumi, simu ikatoa kile kimlio cha ujumbe, naye akaikimbilia kama mwendawazimu.

"Nilipopata kazi hapa, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa kile," akasema. "Nilitaka tu kujua kinakaa wapi."

"Na nani alikiandika?"

"Hilo sikuangalia."

Alikuwa ameangalia; jina liko juu ya maneno, mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka mzima alikuwa amekaa mkabala na jina hilo, analiita dada, analiletea chai. Shangazi angependa kusema kwamba wivu ulikufa hapo. Haukufa, ulihama tu. Zamani alimwonea Kipenzi wivu kwa maneno yake. Sasa alimwonea kwa jambo ambalo hata ukikesha ukijifunza hulipati, na huo ulikuwa wivu mbaya zaidi, kwa kuwa haukuacha mahali pa kutafuta kosa.

"Samahani," akasema. Kipenzi aliitikia kwa kichwa, wala hakuuliza ya nini.

Siku zilizobaki za maombolezo walifanya kazi kiti kwa kiti. Shangazi mwenyewe alilitoa *Bei Zimeporomoka*, hakusubiri kuambiwa. Tangazo kama lile halisimamishwi likasubiri, maana baada ya kilichotokea hakuna atakayeona maboksi yakimmwagikia mtu na kucheka. Akalifuta lote, picha na jina, na moyo ukamuuma kama anayezika kitu chake. Matangazo yaliyokuwa yamepitwa na tarehe waliyapanga upya moja moja, kwa sababu ukifungua bomba bila kuangalia yote hutoka kwa mkupuo. Ule ujumbe unaojituma wakauandika upya kabisa. Kipenzi alitaka Shangazi aandike. Shangazi alifuta, akaandika, akafuta tena, mpaka yakabaki haya: *Tupo wakati wowote utakapohitaji. Usipotaka kusikia kutoka kwetu, jibu HAPANA, nasi tutaelewa.*

Maombolezo yalipokwisha, hawakurudi kwa shangwe. Siku ya kwanza walitoa tangazo moja tu, la Shangazi, lisilo na bei: *Maduka yamefunguliwa. Karibu ukiwa tayari.*

Meneja alilisoma kwenye simu akiwa kwenye korido, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Kipenzi na kumpiga bega. "Binti, umerudia tena. Fupi, la kiutu. Ndiyo maana nasema."

Kipenzi akafungua kinywa kusahihisha. Shangazi, aliyekuwa karibu naye, akamkanyaga kidogo mguu chini ya meza. Binti akamtazama, akafunga kinywa.

"Kweli limetulia," Shangazi akamwambia Meneja, kisha akarudi kwenye kazi yake. Iliuma, iliuma sana. Akaiacha iume.