Kizimba cha Pande Tatu

Paskazia hakuwa mwenyekiti wa kitongoji, hakuwa mjumbe, wala hakuwahi kugombea chochote. Alikuwa fundi cherehani na mkamwana wa Mzee Shigela, basi. Lakini mamba alipomjeruhi mama mmoja pale ziwani wanapochota maji, upande wa Kamanga, na mwenyekiti akasema barua imeshapelekwa wilayani, Paskazia ndiye aliyesema mamba hasomi barua. Akaazimia kijengwe kizimba: nguzo majini, wavu wa chuma pande zote, wanawake wachote ndani kwa amani.

Hakuwa na wa kumwamuru. Akaanza na mtu ambaye wote walijua atapinga, Yakobo mwenye mitumbwi, kwa kuwa nguzo zingemzibia njia. Hakumhubiria. Alimuuliza anahofia nini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakapima kwa hatua na kukisogeza kizimba karibu na mawe. Yakobo mwenyewe akajitolea nguzo. Hivyo hivyo akazunguka nyumba kwa nyumba, hata watu walipokusanyika Jumapili baada ya ibada, hapakuwa na la kubishania.

Pale mkutanoni, akiulizwa na Paskazia, kila mtu alisema kwa kinywa chake atafanya nini, siku gani, na nani atashika nafasi yake akikwama. Paskazia aliandika kwenye daftari, akasoma kwa sauti.

"Kuchomelea ni juu yangu," alisema fundi Josephat. "Ijumaa, saa mbili asubuhi. Nikiugua, anakuja mdogo wangu."

Zamu ikamfikia Mzee Shigela. Alikuwa na wavu uliobaki alipojenga zizi la mbuzi, unaotosha upande wa ziwani, ule wenye kina.

"Wavu huo niachieni mimi," alisema mzee.

Kalamu ikasimama. Lini, na asipoweza, nani? Swali liko mdomoni, lakini mkamwana gani atambana baba mkwe mbele ya kadamnasi? Ni aibu ya kusimuliwa mpaka Sengerema. Angeweza kumtuma mumewe, Maige, akaulize nyumbani taratibu. Angeweza kumwambia mama mkwe. Hakufanya hata moja. Aliandika jina la mzee, mahali pa siku akaacha wazi, akageuza ukurasa kana kwamba hakuona.

Yakobo alileta nguzo Jumatano. Ijumaa Josephat alifika kabla ya saa mbili, na kufikia jioni pande tatu zilikuwa zimefungwa, nadhifu ajabu. Upande wa ziwani ulikuwa wazi. Mzee Shigela alikuwa mnadani na ng'ombe wake, na kichwani mwake wavu ulikuwa jambo la wiki hiyo au ijayo, si jambo la Ijumaa.

"Tusiingie bado," Paskazia aliwaambia wanawake.

"Sawa," wakajibu wote. Wote, maana yake hakuna hata mmoja. Paskazia hakumtaja wa kusimama pale kuwazuia watu. Na kizimba chenye pande tatu ni kibaya kuliko ufuko mtupu: ufukoni mtu huchota kwa hofu, jicho majini, mguu tayari kukimbia. Ndani ya wavu, hofu humtoka.

Jumatatu asubuhi aliingia Selina, kitindamimba wa Mzee Shigela, wifi aliyemfundisha Paskazia kuishi katika mji ule wa wakwe. Aliinama na ndoo, akiongea na wenzake waliokuwa nyuma yake. Mamba alitokea upande ule wazi. Nyuma ya Selina wavu ulishika barabara kama ulivyochomelewa, na mlango wa kuingilia kutoka ufukoni ulikuwa mwembamba. Hakupata pa kukimbilia.

Mitumbwi ya Yakobo ilitafuta siku mbili. Walichozika ni khanga yake.

Paskazia alipika msibani na kuteka maji ya mbali. Alisubiri alaumiwe. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimtesa zaidi, kwa sababu yeye alijua ni ukurasa upi wa daftari uliokuwa na pengo.

Siku ya tatu Mzee Shigela alimwita mbele ya waombolezaji. Paskazia akapiga magoti, macho chini, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Josephat ulimuuliza siku. Yakobo ulimuuliza. Wavu ulikuwa umeegemea ukuta wangu, mwanangu, hauna hata kazi. Mbona mimi hukuniuliza?"

"Niliona haya, baba."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na machozi yalimtoka waziwazi bila kuyafuta.

"Basi niulize."

Paskazia aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama baba mkwe machoni.

"Lini, baba?"

"Leo," alisema Mzee Shigela, akainuka kwenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.