Amina Yangu ya Sekei

Kikundi chetu cha hisa hukutana Sekei baada ya ibada, na kanuni tunayoifuata niliwafundisha mimi. Kila mwisho wa mwezi tunapiga wastani wa bei za hisa za kampuni moja tuliyowekeza, kwa miezi kumi na miwili iliyopita. Bei ya sasa ikiwa juu ya wastani, tunabaki na hisa; ikiwa chini, tunauza na kuweka fedha benki mpaka bei ipande tena juu ya wastani. Mwaka juzi tuliuza, bei ikarudi juu upesi, tukanunua tena kwa bei ghali zaidi. Wenzangu walinung'unika. Niliwafokea kwamba kanuni haifuatwi siku ile tu inayokupendeza.

Safari hii bei iliposhuka chini ya wastani, nilimpigia dalali auze hisa zote za kikundi. Zangu binafsi, za kampuni ileile, sikuziuza. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa karibu kulipwa, na nilijiona mjuzi kuliko kanuni yangu mwenyewe. Gawio likaja, dogo tu, na bei ikaendelea kuporomoka.

Jumapili iliyopita waliniletea mkungu wa ndizi kutoka Nkoaranga, kunishukuru kwa kuwaokoa. Niliupokea kwa mikono miwili. Kisha mama mmoja mkulima wa kahawa, mkubwa wetu kwa umri, akafunga kikao kwa sala. Alimshukuru Mungu kwa kutupa mtu anayetenda kile anachowafundisha wenzake.

Niliitikia amina kabla ya wote, tena kwa sauti.