Cheti Kisicho na Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nimelelewa dukani Yamumbi, na dukani mteja akianza kwa kukusifu, jua kuna kitu anakuja kuomba. Kwa hiyo siku ile wakala wa kompyuta aliposimama mbele ya kaunta yetu na suti yake ya kijivu, akamwambia baba kwamba msichana mwerevu kama mimi haifai azeeke akipima sukari, niliendelea kupima sukari. Baba alitabasamu. Baba alikuwa mwepesi wa kuamini watu wenye tai.

Nilikuwa nimemaliza shule na nimekaa tu. Mjomba alikuwa na ghala la mahindi Moi's Bridge, na alikuwa ameshamwambia baba anipeleke huko nikamhesabie magunia. Baba alisema atanilipia kosi moja, moja tu, na nikikosa kazi baada ya hiyo nipande gari niende kwa mjomba. Kuhesabu magunia si aibu, lakini niliwaona wasichana waliokwenda kule kusaidia kwa mwezi mmoja wakarudi kutusalimia na watoto mgongoni. Mimi nilitaka kazi ya ofisi, hapa mjini, na nilikuwa na nafasi moja ya kuitafuta. Nikichagua vibaya, basi.

Wakala alieleza mambo yake vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kampuni yake iliuza kompyuta za mtengenezaji mmoja, na mtengenezaji huyo alikuwa na kosi yake mwenyewe Nairobi, wiki chache tu. Ungefundishwa kuwasha mashine yao, kuipa amri zake, kuhifadhi kazi kwenye diski zake, kisha upewe cheti chenye jina la mtengenezaji. Na kampuni ya kusaga unga pale mjini ilikuwa imenunua mashine hiyo hiyo. Alimwuliza baba, sasa wataandika nani kama si mtu mwenye cheti chetu? Baba akanigeukia kana kwamba nimeshaandikwa.

Upande wa pili kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa mkoa wa Magharibi, aliyekuwa na chuo kidogo ghorofani juu ya duka la viatu. Yeye alitayarisha watu kwa mtihani uliotungwa ng'ambo na chama cha wataalamu, chama ambacho hakiuzi mashine yoyote. Mwaka mzima. Ungesoma jinsi kompyuta yoyote inavyofanya kazi: namna ya kupanga mafaili, kuhesabu kwa sifuri na moja, kuchora hatua za kazi kabla ya kuziandika kwa lugha ya programu, tena unaandika kwa penseli, kwa sababu chuo kilikuwa na kompyuta moja ndogo na foleni yake ilifika mlangoni. Cheti chake hakikujali mashine ni ya nani.

Wengine wangeona hapo kuna mtu wa biashara na mtu wa elimu. Mimi niliona wauzaji wawili. Mwalimu naye alikula kwa karo zetu, na kila mtu husifu mbuzi wake. Kwa hiyo niliamua kwenda kujionea mwenyewe, katika mji huu wetu, ni ofisi gani zina kompyuta na ni za nani.

Lo, huo ulikuwa ujinga. Miaka ile ya chama kimoja hukuingia tu ofisini ukauliza mna mashine gani na nani hukaa hapo. Kwenye kiwanda cha nguo askari wa mlangoni aliniuliza nimetumwa na ofisi gani, na niliposema sijatumwa na mtu akaingiwa na hofu zaidi, akaniita madam. Kwenye benki mama wa mapokezi aliinama akaninong'oneza kwamba kadi yake ya chama anayo na ameilipia. Mimi nilikuwa naogopa wao, kumbe wao wanaogopa mimi, wakidhani ni mpelelezi wa serikali. Lakini nilipata nilichotaka. Kiwanda cha nguo kilikuwa na mashine ya mtengenezaji mwingine kabisa. Kazi ya kompyuta ya benki ilifanyiwa Nairobi. Ya wakala ilikuwa pale kwa wasaga unga peke yake.

Basi cheti cha wakala kilikuwa ufunguo wa mlango mmoja, na cha mwalimu hakikuwa ufunguo wa mlango wowote, ila nacho ungeweza kubisha hodi kwenye milango yote. Sikujua kipi ni afadhali. Nikaona njia ni kumwuliza kila mmoja swali ambalo hatalipenda.

Wakala nilimwuliza, hawa wasaga unga wakibadilisha mashine kesho, cheti changu kitakuwa nini? Alicheka, akasema hawawezi kubadilisha, akanipa kalenda. Nikamwuliza kama kampuni imesema wazi itaniandika. Akasema hayo yatajipanga.

Mwalimu nilimkuta akifuta ubao. Nilimwuliza, nikipata cheti chako, siku ya kwanza nitaweza kukaa kwenye ile mashine ya wasaga unga na kuifanyia kazi?

"Hapana," akasema. "Utaelewa inafanya nini, lakini hutajua ubonyeze wapi. Mtu atakuonyesha." Kisha akaongeza kwamba kama kuna ofisi imeniahidi kazi kwenye ile mashine, nimwache yeye na niende Nairobi kwa wakala leo leo. Kama hakuna aliyeniahidi, nisisomee mashine ya mtu nisiyemjua.

Nilimchagua kwa sababu ya hiyo hapana. Sikuwa nimewahi kusikia muuzaji akisema hapana. Baba alikasirika, akasema mtu wa suti amekuja hadi dukani na mimi naenda kusoma juu ya viatu. Lakini alilipa, na nikapita mtihani.

Tangazo la wasaga unga lilitoka: anatakiwa msaidizi wa chumba cha kompyuta, wenye cheti cha mtengenezaji watafikiriwa kwanza. Cheti hicho sikuwa nacho. Mjomba alishatuma salamu kuniulizia. Niliomba hivyo hivyo, na nikaitwa.

Nilipoingia kwenye intaviu, nani amekaa kando ya meneja? Wakala. Na suti ile ile. Aliyeuza mashine ndiye anachagua wa kuitumia! Aliangalia cheti changu akamwambia meneja kwa upole kwamba hiki ni cha nadharia, msichana huyu hajagusa mashine yetu. Ilikuwa kweli, na nilikubali. Nikaanza kumwona mjomba na magunia yake.

Meneja alikuwa mzee wa maneno machache. Alimshukuru wakala, akamwambia atampigia, akamsindikiza nje. Niliinuka niondoke pia. Akafunga mlango, akaniambia nikae.

Aliniuliza kama yule mtu ananijua, kama ana undugu nami, nani alinilipia kosi, baba ni wa nani pale Yamumbi. Kisha akanieleza. Mashine ilikuwa inazima kila mara. Ikizima, mama anayeiendesha, ambaye alifundishwa na watu wa wakala, humpigia wakala simu. Wakala huja, hufanya jambo, hulipwa. Meneja hakuwa na njia ya kujua kama ni ubovu au ni mchezo, kwa sababu wote waliojua mashine ile walikuwa wamefundishwa na aliyeiuza.

"Wewe cheti chako hakina mwenyewe," akasema. "Sasa utakuwa wangu. Kaa na yule mama, uone anafanya nini, uniambie."

Nilisema ndiyo, mzee. Ningesema nini? Miezi mitatu ya majaribio, na Moi's Bridge inaningoja. Lakini nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimesoma mwaka mzima ili nisiwe mtu wa mtu.

Mama wa kompyuta alinipokea vizuri mno, na hilo lilinitia wasiwasi. Alinivutia kiti, akanionyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuwasha mashine na kusoma ujumbe wake. Mwalimu alisema kweli: nilielewa kila kitu alichokuwa akifanya na sikuweza kufanya hata kimoja bila yeye. Siku chache hivi nikavumilia, halafu nikashindwa. Siwezi kunywa chai ya mtu huku namchunguza. Nilimwambia nimetumwa nimchunge.

Alikoroga chai yake. "Najua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilipomaliza kosi, wakala aliniambia nimchunge meneja, kama anaongea na wauzaji wengine."

Tulicheka hadi askari akachungulia. Baada ya hapo ndipo aliniambia juu ya kuzima. Vinu vikubwa vya kiwandani vikianza pamoja asubuhi, umeme unashuka, na mashine inazima. Wakala alijua, lakini hakuwa na haraka ya kusema. Mama alishamwambia meneja mara moja, naye akamwona ni mtu wa wakala anayemtetea bwana wake.

Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nikamweleza meneja ninavyoelewa, kwamba kompyuta yoyote, iwe ya nani, umeme ukishuka ghafla itazima.

"Haya umeambiwa na nani?" meneja akauliza.

Nikasema nimeambiwa na mama.

"Basi amekuwahi. Sasa wewe ni wa nani?"

Hasira ilinizidi. Nikamwambia, "Sina mwenyewe, mzee. Ulinichukua kwa sababu hiyo. Njoo asubuhi uone."

Alikuja. Alisimama nyuma yetu mikono mfukoni, vinu vikaguruma, taa zikafifia, skrini ikawa nyeusi. Mama akanyoosha mkono kwenye simu kwa mazoea. Meneja akamwambia aache, akatoka kwenda kumtafuta fundi wa umeme atuvutie laini yetu wenyewe, mbali na ya vinu. Mwisho wa majaribio niliandikwa kazi. Baba aliwaambia wateja wote, hata wale waliokuja kununua kiberiti.

Mwaka uliofuata meneja aliniita, akaniambia nimefanya vizuri na kampuni itanilipia ile kosi ya mtengenezaji, Nairobi. Nilikwenda, na nilifurahia, na yale niliyosoma juu ya duka la viatu yalinifanya nielewe upesi kuliko wote darasani. Nilirudi na cheti chenye jina la mtengenezaji, nikampelekea meneja akione. Alikisoma mbele na nyuma, akanipongeza, akanirudishia.

Jumatatu nilipofika kazini nilikuta kiti cha tatu chumbani, na msichana amekikalia, ametoka moja kwa moja chuoni kwa mwalimu wangu. Alinisalimia kwa heshima, akaniita madam. Nilimwuliza kosi yake ilikuwaje, akajibu, lakini hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia mikono yangu, ninabonyeza wapi.