Diski ya Upande wa Wanawake

Mimi ndimi ninayepiga video upande wa wanawake. Kwetu, kutoka Ukunda kuteremka mpaka Msambweni, harusi ina upande wa nje na upande wa ndani, na wa ndani haupigwi na mwanamume hata awe fundi wa namna gani. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na mama wa watu ambaye mwaka mzima hujistahi utamkuta katikati ya chumba na leso kiunoni, anacheza chakacha. Nikitoka na kamera yangu, nimetoka na heshima za watu. Jambo hilo sihitaji kukumbushwa na mtu, na aliyejaribu kunifundisha alijuta.

Studio si yangu. Ni ya kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi hotelini Diani, akaona wazungu wanafunga ndoa ufukweni kila wiki, akaacha kubeba sinia akanunua kamera. Simchukii. Ni mkarimu, hulipa kwa wakati, na Ramadhani huniletea tende bila kuambiwa. Lakini kwake diski ni chombo tu, kikijaa kinamwagwa.

Harusi yenyewe ilikuwa Msambweni. Tulikuwa chumba cha ndani, bibi harusi amekwisha pakwa hina na kupambwa, na wanawake wakawa wananisumbua niwaonyeshe walivyotoka. Nikaweka kompyuta kitandani na diski ya nje pembeni yake. Video zote nilikuwa nimekwisha kuzimimina humo kutoka kwenye kadi za kamera. Huku nikiwaonyesha, nilikuwa nikizihamisha za upande wa ndani kutoka folda ya harusi nzima kwenda folda yake peke yake, zisije zikachanganyika na za wanaume. Vicheko vilijaa. Kila mmoja alikuwa akimcheka mwenziwe na kujitafuta mwenyewe.

Mara tukasikia kasida mlangoni. Bwana harusi anakuja kumpa mke mkono, na nyuma yake jeshi zima la wanaume.

"Yalaa! Funikeni!" akapiga kelele shangazi yake bibi harusi. Watu wakakimbilia mabuibui. Shangazi akatazama kioo cha kompyuta, akajiona mwenyewe anazungusha kiuno, na hakuuliza. Aliishika diski akaichomoa pamoja na waya wake, akaitia kifuani. Kwa akili yake picha zimo ndani ya kile kidude, na kidude kikitoka zimetoka. Wala hakukosea sana. Kosa ni kwamba wakati huo kompyuta ilikuwa katikati ya kuandika.

Wanaume walipoondoka alinirudishia, na niliporudi Ukunda diski ilifunguka bila kulalamika. Sikuikagua zaidi, harusi nyingine zilikuwa foleni, na tajiri wangu, yule kijana wa bara, akazifuta kadi zile akaenda nazo kazi ya hoteli. Kabla sijaanza kuihariri harusi ile, mama yake bibi harusi akafariki. Aliugua ghafla. Baba alikuwa amekwisha tangulia miaka mingi.

Walikuja studio asubuhi moja, binti na shangazi yake. Nikawapokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Poleni sana na msiba."

"Tushapoa. Ni kazi ya Mungu."

Binti hakutaka video ya harusi. Aliniambia waziwazi kwamba keki na gari lenye maua hana haja nazo. "Namtaka mama tu," akasema. "Mama hakuwa mtu wa picha. Ile siku ndiyo aliyocheza. Hakuna pengine anapotembea wala anaposema."

Nikafungua folda ya ndani. Humo mlikuwa na vipande vichache vya mapambo na kimoja cha hina, basi. Folda ya harusi nzima nayo ina wanaume watupu. Uso sikuubadilisha.

Tajiri wangu akaja akachungulia begani kwangu. "Umefuta, madam. Hutokea, bana. Waambie sorry, tuwarudishie deposit. Na hiyo drive nipe ni-format, kesho tuko na beach wedding na wazungu hawangoji."

"Sikufuta," nikasema.

"Sasa ziko wapi?"

Hilo ndilo swali nililolitaka, na jibu lake lilikuwa mbele yetu. Diski ilisema imetumika gigabaiti karibu mia saba. Nikachagua folda zote nikazijumlisha: mia nne na kidogo. Nikamgeuzia kioo aone. Akasema ni vile vitu vya siri vya kompyuta. Sawa. Mtu akibisha kwa hoja namjibu kwa kazi. Nikafungua faili zilizofichwa, nikatazama pipa la taka, nikaingia kwa ruhusa ya msimamizi nikatazama na ile folda ya mfumo ambayo kwa kawaida haifunguki, kwa maana huko nako kompyuta huweka nakala zake za kale. Vyote pamoja havikujaza hata kiganja. Zile nafasi ndogondogo zinazopotea mwisho wa kila faili nazo hazifiki huko, faili za video ni kubwa na si nyingi.

"Shangazi," nikasema, maana nilimwona ametoa macho, "umepika pilau, sufuria imepungua nusu, lakini sahani ulizopakua ukizihesabu hazifiki. Wali haukuyeyuka. Kuna sahani iliyopakuliwa ambayo hatuioni ilipo."

"Basi nani kaificha?" akauliza.

Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaandika chkdsk na herufi ya diski, bila kuongeza kitu mbele. Ukiiandika hivyo inakagua tu na kusema, haigusi chochote. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili, ile ya kulinganisha majina yaliyomo kwenye folda na faili zenyewe, ikaanza kutema mistari. Kila mstari faili moja, jina lake la kamera, na folda inayopaswa kurudishiwa. Nilitaka kupiga kigelegele. Faili zilikuwepo. Nafasi zao zilikuwa zimeandikwa kwamba zina wenyewe, ila kila folda ilidhani ziko kwa mwenzake: ile ya zamani imekwisha kuzitoa, mpya haijazipokea, na waya ukachomolewa hapo hapo.

"Imeandika nini?" binti akauliza.

Nikasita, kisha nikamwambia kama ilivyo. "Inasema ni faili yatima."

Binti akainamisha kichwa. Shangazi akatazama kioo, kisha akamtazama mwana wa nduguye, na nikaona limemfikia. "Ndimi niliyechomoa," akasema. "Siku ile. Ndimi niliyezifanya yatima."

"Ungefanya nini?" nikamwambia. "Wanaume walikuwa mlangoni."

Tajiri wangu akatazama saa. "Okay, ni poa, ziko. Peleka kwa fundi wa data Mombasa, yule jamaa ni mkali. Lakini kabla jioni, drive ikuwe imerudi."

"Haiendi Mombasa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule jamaa ni jamaa, si mwanamke."

Alicheka. Mimi sikucheka. Akaona, akageukia njia fupi. "Basi irepair tu hapo hapo, si kuna command?"

Ipo. Unaongeza f, nayo inaanza kurekebisha. Lakini chkdsk kazi yake ni kuifanya diski isimame sawasawa, si kukuokolea mama yako. Ikiona heri ikate, inakata, na ikishaandika haina kurudi nyuma. Nilimwambia sirekebishi chochote mpaka nipate diski nyingine nzima ya kunakilia hii, kila punje yake, hata zile sehemu zinazoonekana tupu. Akasema hana diski nyingine. Nikasema nitaazima. Akasema kesho je. Nikasema kesho anunue. Akanyoosha mkono kuichukua, na mimi nikaifunika kwa kiganja.

"Mali ya yatima hii," shangazi akasema nyuma yangu, taratibu, kama mtu anayemtahadharisha mtoto na jiko. "Hailiwi, mwanangu. Mkono urudishe."

Sijui kilichomrudisha nyuma ni dini, ni adabu, au ni ule ukweli ambao nilimwongezea mimi bila kupamba: "Ukiifomati hii, kesho mtafute mwanamke mwingine wa kuingia vyumba vya ndani. Na mimi nitasema kwa nini niliondoka, nyumba kwa nyumba, mpaka Vanga." Akatoka kununua diski. Alibamiza mlango kidogo, ni haki yake.

Niliazima diski tupu kwa rafiki yangu anayepiga picha za wapiga mbizi Diani, kubwa kuliko ile yetu. Nikainakili yote. Hiyo si kazi ya haraka. Wageni wangu waliswali adhuhuri chumba cha nyuma, tukala mahamri, na kunakili hakukwisha. Kulipokwisha, ile ya asili nikaichomoa kwa utaratibu nikaiweka kando, na nakala ndiyo niliyoiamuru irekebishwe. Mistari ikarudi ile ile, ila sasa haikusema inapaswa kurudishwa, ilisema inarudishwa. Faili hii, folda ile. Faili hii, folda ile. Nikajumlisha tena folda zote. Jumla ilipanda mpaka ikakaribia kile kilichosemwa kimetumika, na tofauti iliyobaki ni ya kompyuta yenyewe.

Tajiri wangu alikuwa amerudi na diski yake mpya, na hasira imemwisha. "Wacha nione kama zina-play," akasema, akasogeza kiti.

Nikafunika kioo. "Zina-play. Wewe nenda kachaji betri zako."

Akainua mikono juu akatoka, na safari hii mlango aliurudisha polepole.

Nikafungua kipande cha katikati. Kilitetemeka kidogo mwanzo, kisha kikakaa. Ngoma, wanawake, leso, halafu yeye, mama mnene mwenye aibu, amejibanza ukutani akidhani kamera itampita. Haikumpita. Nilikumbuka siku ile nilivyomng'ang'ania, na jinsi jirani yake alivyomsukuma katikati. Alijaribu kufunika uso kwa leso, akashindwa na ngoma, na mabega yakaanza kumcheza kabla mwenyewe hajakubali. Shangazi akaangua kilio na kicheko pamoja. Binti hakulia. Alisogea mpaka pumzi yake ikawa inatia ukungu kwenye kioo.

Pale kwenye kioo mama akasimama, akanyoosha kidole kwenye kamera, akisema huku akihema: "Wewe nawe, mimi wanipigia nini? Mpige mwanangu!"

"Mimi nipo, mama," binti akamjibu. "Wacha akupige wewe."