Umri wa Neema

Felista alifundisha watoto wa chekechea katika kanisa la Matema kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumwambia kuwa kazi hiyo ina masomo yake. Alipoitwa kozi ya likizo mjini Tukuyu, miaka ile shule zilipoanza kuwadai wazazi michango kwa kila kitu, alirudi na jedwali alilonakili kutoka ubaoni kwa kalamu za rangi mbili. Umri ulishuka pembeni, tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Juu yalipangwa maeneo ya ukuaji: mwili, akili, lugha, kisha jamii na hisia. Alilibandika ukutani kwa ugali wa moto, na akawa akilitazama kama mtu anayetazama ramani ya nchi aliyozaliwa.

Januari iliyofuata Bibi Anyosisye, muuza vyungu wa Lyulilo, alimpeleka mjukuu wake Neema kuandikishwa darasa la kwanza. Mama wa mtoto alikuwa akifanya biashara ya vitenge upande wa Malawi, na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa ilipotea huko huko. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Hezroni, alimwambia Neema apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, kama walivyopimwa wote. Vidole vilikoma juu kidogo ya sikio. Bibi akasema mkono ni mfupi kwa sababu ukoo wao wote ni wafupi, hata yeye mwenyewe asingelifikia.

Hezroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Lakini Bibi alikwisha sema kwamba mtoto asipopokelewa, mama yake atamchukua akamlelee kichanga huko Karonga, na Felista aliwajua wasichana waliokwenda kulea. Hawakurudi kusoma.

"Wewe si una lile jedwali?" Hezroni alimwambia Felista, aliyekuwa akimsaidia kuandikisha. "Nitafutie umri wake humo. Ukiniletea saba, naandika saba."

Jambo lilionekana jepesi. Felista alimketisha Neema kwenye mkeka, akaanza na mwili. Mtoto aliruka kwa mguu mmoja, kisha akarukaruka kwa kubadilisha miguu bila kujikwaa: miaka mitano. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka: sita au zaidi. Akampa penseli anakili mraba, ukatoka bila kona, kama kiazi, kazi ya mtoto wa miaka minne. Lakini Neema hakuwahi kushika penseli. Kwa kijiti, kwenye mchanga wa ziwa, alichora pembetatu safi kabisa, kazi ya miaka mitano. Felista alisimama katikati ya penseli na kijiti, asijue aandike ipi.

Kwa Kiswahili mtoto alijibu neno moja moja. Kwa Kinyakyusa alisimulia jinsi mtumbwi ulivyokaribia kuzama na vyungu vya bibi yake, nani alisema nini, na nani alilia kwanza. Kisha wakacheza kete, akashindwa, akajirusha chini akalia kama mtoto wa miaka mitatu, na mara akanyamaza, akambeba mtoto wa jirani mgongoni akaanza kumbembeleza. Kubembeleza mtoto hakukuwa na kisanduku.

Felista alilisoma jedwali kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Mwili ulisema hivi, lugha ikasema vile, hisia zikakana vyote. Akadhani amenakili vibaya. Alichukua muda kuona kwamba alikuwa analisukuma kinyumenyume: liliundwa kwa mtu anayejua umri na anataka kujua atarajie nini, na hata hapo watoto hupishana. Halikuundwa kumzalia mtoto mwaka wake.

Alimrudia Hezroni bila saba.

"Sasa jedwali lako kazi yake nini, mwalimu wangu?"

"Ya kunionyesha nimsaidie wapi. Si mzani."

"Mimi nina safu ya umri kwenye rejesta. Nijaze msaada?"

Hezroni alijikuna kidevu, akauliza kama mtoto huyo anaweza kuketi darasani.

"Anaweza," alisema Felista. "Kuandika atachelewa. Kiswahili kitamsumbua mpaka Pasaka. Akishindwa mchezo atalia, usimpige."

Hezroni akaandika. Saba, alisema, maana wa miaka sita sheria haimpokei, na akafunga rejesta kwa haraka kama anayeogopa kubadili mawazo.

Nje, Bibi Anyosisye alishika mikono yote miwili ya Felista. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kwa hiyo kumbe ana saba?"

"Sijui, bibi."

"Lakini umempima."

"Nimempima. Ndiyo maana sijui."

Bibi alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama msomi aliyechanganyikiwa na vitabu, akamwita Neema waende kutafuta sare.