Shangazi Asiyehesabu Chai

Shangazi yangu alikuwa mhariri wa kamusi, na kazi yake aliileta nyumbani kama wengine wanavyoleta mafua. Kila jina la kitu alilipima kwa neno "tatu". Maharagwe matatu, sawa. Mchele? Sikio linakataa, sharti useme punje tatu za mchele. Vyote vikimwagika sakafuni vinaokotwa kimoja kimoja, lakini lugha imeamua maharagwe yahesabike na mchele usihesabike. Sisi watoto tulikula huku tukisahihishwa.

Aliyekoma hasa ni mumewe, fundi saa, mtu mpole kupindukia. Wakiwa mkahawani, maskini akisema "chai mbili", shangazi alimkatiza mbele ya mhudumu: chai haihesabiki, vinavyohesabika ni vikombe. Mwishowe mzee wa watu aliacha kuagiza kwa mdomo, akawa anainua vidole viwili tu. Tukambandika jina la Bubu. Alicheka, lakini nilijua linamuuma.

Kamusi ilipokaribia kuchapishwa, shangazi aliandika "haihesabiki" mbele ya chai, maji na soda. Mhariri mwenzake akapinga. Alisema vitu hivyo vikishaingia kwenye chombo watu huvihesabu, wala hawakosei. Shangazi akawaka. Akaapa kikaoni kwamba akipatikana mtu mmoja tu mwenye Kiswahili safi anayehesabu chai nyumbani kwake, atafuta lebo hizo kwa mkono wake na kuweka maneno ya mtu huyo yawe mfano. Heshima yake yote ya kazi akaiweka hapo.

Ofisi ilihitaji kurekodi mazungumzo ya kawaida ya majumbani. Shangazi, kwa kuamini kwamba kwingine kote lugha imeharibika, akaitoa nyumba yake. Kinasa sauti kikakaa juu ya kabati la vyombo. Siku ya kwanza tuliongea kama watangazaji wa redio. Halafu wakaja wageni bila taarifa, nyumba ikachafuka kwa pilikapilika, kinasa kikasahaulika.

Wiki iliyofuata mwenzake alikiwasha kikaoni. Sauti ilikuwa ya shangazi, imenyooka, haina hata kigugumizi: "Chai nne sebuleni, maji mawili ya baridi, na soda moja ya mama mkwe. Haraka!"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alifuta lebo zake mwenyewe, akaandika kwamba huhesabika vikiwa vimetiwa kwenye chombo, kisha akapachika maneno yake yawe mfano.

Jioni alimpeleka mumewe mkahawani. Mhudumu alipokuja, mzee akainua vidole kama kawaida. Shangazi akaushika ule mkono, akaushusha taratibu mezani.

"Sema," akamwambia. "Naomba samahani."

Mzee akamtazama. "Samahani ngapi?"

Shangazi alifungua mdomo amsahihishe, akaufunga. Machozi yakamlengalenga.

"Za miaka yote," akasema.

Ndipo mzee akamgeukia mhudumu, akaagiza chai mbili kwa sauti iliyosikika hadi jikoni.