Mama Mkwe na Ngamia Aliyekataa Kuganda

Jumapili ile mama mkwe wangu alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa freshi ya mbuzi kabla ya misa, na tumbo lake likaongea kanisani. Padri alikuwa ametutaka tunyamaze tujitafakari. Katika ukimya ule tumbo likaanza kama pikipiki inayokataa kuwaka, likanyamaza kidogo, kisha likawaka kweli. Mama mkwe akageuka taratibu, akamtazama kwa masikitiko mzee aliyekaa nyuma yake. Mzee wa watu akalishika tumbo lake mwenyewe kuhakikisha kama ni yeye. Mimi na wifi yangu tulitoka nje tukijifanya tunakohoa.

Maziwa freshi yalikuwa yanamsumbua siku nyingi. Wiki hiyo mtu fulani sokoni Ifakara alimwambia kwamba ya mbuzi hayana ile sukari inayovuruga matumbo. Nilikuwa nimemwonya.

"Mama, sukari ya maziwa imo hata kwa mbuzi. Imepungua kidogo tu kuliko ya ng'ombe. Tumbo lako halitaona tofauti."

"Wewe maziwa umeyajulia kwenye semina," akanijibu. "Mimi tumbo hili ninalo tangu Mahenge."

Tuliporudi kutoka kanisani alivua viatu, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akatoa hukumu: mbuzi asikanyage ndani ya ndoo zake.

Hukumu hiyo ilikuwa pigo kwetu, kwa sababu mama mkwe ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Tulikuwa tukitengeneza mtindi mgando kwenye chumba kilicho nyuma ya nyumba yake na kuupeleka madukani, mpaka Mkula. Maziwa ya ng'ombe tulikuwa tukiletewa na mama mmoja wa Kisukuma anayefuga pembezoni mwa bonde. Masika yalipokolea, maji yakajaa mbugani, ng'ombe wakahamishiwa mbali kwenye miinuko, na ndoo zikawa zinakuja nusu. Mbuzi wake, hata hivyo, walibaki nyumbani, nao walikuwa wananyonyesha. Mimi na wifi tulikuwa tumeshapiga hesabu kichwani kwamba mbuzi ndio wangetuvusha msimu ule.

Mama mkwe alikuwa na kesi nyingine mbili dhidi ya mbuzi. Ya kwanza ilikuwa harufu. Ya pili ilikuwa malai, yale mafuta yanayoelea juu ya maziwa. Alikuwa ameweka sufuria mbili usiku kucha, moja ya ng'ombe na moja ya mbuzi. Asubuhi ile ya ng'ombe ilikuwa na malai mazito ya kukusanya kwa kijiko. Ya mbuzi ilikuwa na kautando tu.

"Ametia maji," alisema, na mama wa Kisukuma alipofika akamwambia hivyo hivyo bila kupepesa. Yule mama alinyanyua ndoo yake aondoke nayo. Ilibidi nimkimbilie mpaka barabarani nimwombe radhi.

"Mama, mafuta yamo," nilimweleza mwenyekiti wetu niliporudi. "Karibu sawa na ya ng'ombe. Ila matone yake ni madogo sana na hayashikani, ndiyo maana hayapandi juu upesi. Yanabaki yametawanyika humo humo."

"Mafuta yanayojificha," alisema, "yana makosa."

Wifi yangu ndiye aliyekuja na wazo la kumlisha bila kumwambia. Ni binti yake wa kumzaa, kwa hiyo aliona ana ruhusa fulani.

Tulianza na harufu. Tulimwomba mama wa Kisukuma amtenge beberu na mbuzi wanaokamuliwa, maana harufu yake hushika kwenye maziwa kama moshi kwenye nguo, kisha ayachuje na kuyapoza haraka kabla mafuta hayajaanza kuharibika. Yalipotufikia tuliyapasha moto mpaka karibu na kuchemka, tukayashikilia hapo kidogo, tukayapoza mpaka yakawa ya uvuguvugu mzuri, tukakorogea mtindi wa jana kama mbegu, tukaifunika sufuria kwa blanketi. Mama mkwe alipita akauliza ni nini.

"Ng'ombe, Mama," wifi akajibu. Hakuona haya hata kidogo.

Jioni mtindi ulikuwa umeganda, lakini kwa ulegevu. Wa ng'ombe ukiukata kwa kijiko unabaki na ukuta wake. Huu ulikatika na kulala, kwa sababu protini za mbuzi hujenga bonge laini. Mama mkwe angetushika mara moja. Basi tukaumimina kwenye kitambaa safi, tukauning'iniza, maji yakachuruzika, ukabaki mzito na mweupe pee. Tukamwandalia bakuli na maandazi mawili.

Alikula polepole. Alilamba kijiko pande zote.

"Mnaona?" alisema. "Huyu ni ng'ombe aliyekula majani mabichi. Mbuzi hawezi kutoa kitu kama hiki hata afundishwe."

Wifi alikwenda kucheka bafuni. Na tumbo la mama mkwe siku ile lilikaa kimya, maana wale wadudu wasioonekana wanaogandisha mtindi walikuwa wameshaila sehemu ya sukari na kuigeuza kuwa uchachu. Akaomba bakuli la kesho, na la keshokutwa. Tulikubaliana tumwambie ukweli siku atakayokuwa na furaha nyingi.

Kabla siku hiyo haijafika, alikuja shemeji yangu, mtoto wake wa kwanza. Ni dereva wa lori. Hupakia mchele kwetu na kuupeleka mikoa ya kaskazini. Safari hiyo alirudi na deli limefungwa kamba kama sanduku la hazina.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

"Maziwa ya ngamia!" akajibu, akafungua deli. Ndani ya barafu kulikuwa na chupa za maziwa yaliyogandishwa kwa baridi, aliyonunua kwa wafugaji wa Kimasai. Alitusomea sifa zake akiwa amesimama: yanatibu hiki, yanatibu kile, na mtindi wake unasimama mpaka kijiko kinabaki wima.

"Shem," nikasema, "mengine siyajui, lakini mtindi wa ngamia hausimami."

"Umewahi kumwona ngamia wewe?"

"Sijawahi. Lakini tulifundishwa. Chembe za protini yake ni kubwa na hazishikani vizuri. Inaganda ovyo ovyo, inabaki kama uji uliozidi maji."

Tukawekeana dau mbele ya mama mkwe: atakayeshindwa ataosha ndoo zote za kikundi barazani, mchana kweupe, amejifunga khanga ya maua.

Tukayeyusha chupa kadhaa, nikayapika kama ninavyopika ya ng'ombe, nikaweka mbegu ile ile. Ya ng'ombe niliyoweka siku hiyo hiyo yaliganda kwa muda wake wa kawaida. Ya ngamia yalikuwa bado yanacheza kama maji. Nilijua yangechelewa, kwa sababu yana kinga zake za asili zinazowapunguza kasi wadudu wa mtindi. Nikayaacha zaidi. Mwishowe yalichachuka vizuri, harufu nzuri kabisa, lakini ukiinamisha sufuria yanakimbilia upande mmoja.

Shemeji hakukubali. "Umeyapika kwa roho mbaya," alisema. "Kesho apike Mama."

Mama mkwe, ambaye hajawahi kumwona mtoto wake wa kwanza akishindwa jambo, alikubali kabla sentensi haijaisha. Kesho yake alitufukuza jikoni. Alisema maziwa ya mgeni hayataki kelele. Sisi tukakaa nje tukichambua mchele, tukisikia mwiko ukizunguka kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jioni akaita watu wote, akafunua blanketi kwa mikono miwili. Mtindi wa ngamia ulikuwa umesimama. Shemeji akachomeka kijiko katikati, kikabaki wima. Akapiga kofi, akanitupia khanga ya maua.

"Jifunge, shem."

Nilionja. Ule uchumvi kidogo wa ngamia ulikuwepo. Lakini mtindi ulivutika kwenye kijiko, ukang'aa, ukateleza mdomoni kama mlenda. Nikamtazama wifi. Wifi akatazama kamba ya nguo, ambako sare ya kanisani ya mama yake ilikuwa imeanikwa. Kwa kawaida sare ile hukauka imesimama kama ubao, kwa wanga wa muhogo anaoukamua mwenyewe na kuuhifadhi kwenye kopo. Siku hiyo ilikuwa imelegea inapepea.

Nilichota kijiko kwenye kisosi, nikaenda kabatini nikatoa ile dawa ya kahawia ya vidonda, iodini, ambayo kwenye kikundi tunaitumia pia kuwakamata wanaotia unga kwenye maziwa. Nikaweka tone kwenye mtindi wa ng'ombe: likabaki na rangi yake ya njano kahawia. Nikaweka tone kwenye ule wa ngamia. Likageuka bluu, kisha likawa jeusi kama wino.

"Huyu ngamia," wifi akasema, "amekula muhogo."

Shemeji alitazama kisosi, akamtazama mama yake. Na ninaapa kwamba hakujua; mdomo ulimfunguka kama mlango wa lori. Mama mkwe alinyoosha khanga mabegani mwake.

"Mimi nilimsaidia kidogo tu," alisema. "Mnyama ametoka mbali, amechoka."

Tulicheka mpaka jirani akaja uani kuuliza kuna nini. Na katikati ya kicheko wifi, ambaye siri haimkai, akapiga paja akasema, "Mama kiboko! Sisi tumekulisha mbuzi siku zote hizi, kumbe na wewe unatulisha muhogo!"

Nilitamani kuingia ndani ya deli.

"Mbuzi gani?" mama mkwe akauliza.

"Mtindi wa kila siku, Mama," nikasema kwa sauti ndogo. "Ule wa majani mabichi."

Akalishika tumbo lake, polepole, kama mtu anayemuuliza rafiki aliyemficha jambo. Akaanza kutikisika mabega. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka, akatuita washenzi mara nyingi kwa upendo na mara moja kwa hasira kidogo, nadhani.

Shemeji alijifunga khanga ya maua akaosha ndoo. Mama mkwe alisema kosa ni lake pia, lakini magoti hayamruhusu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti chake akimwonyesha sehemu zilizobaki na povu na kuitikia salamu za wapita njia. Ule mtindi mwepesi niliokuwa nimeupika mimi tuliuleta kwenye vikombe, tukaunywa kama kinywaji, umepoa kwenye barafu iliyobaki. Ulikuwa mtamu sana hivyo hivyo. Hata shemeji alinyoosha kikombe mara ya pili kwa mkono wenye sabuni.

Jumatatu mwenyekiti aliitisha kikao. Aliagiza mtindi wa mbuzi uuzwe kwa jina lake, mbuzi, na kwamba mama wa Kisukuma apelekewe bakuli la kwanza pamoja na samahani, na kwamba samahani hiyo ataipeleka mwenyewe. Akaondoka asubuhi ile kwa bodaboda, bakuli mapajani limefunikwa kitambaa, akimfokea dereva apunguze mwendo kwenye madimbwi.